Muganga anapoaga hospitali, wagonjwa wa Kasongo na Kabambare wanabaki na nani?

Mama anayepasuliwa leo katika hospitali kuu ya Kasongo ili azae, kisha akarudi Kabambare kwa pikipiki baada ya majuma mawili ao matatu, anarudi na kovu mbili. Moja iko kwenye ngozi, kila mtu anaweza kuiona. Ya pili iko kwenye kizazi, na hiyo inajulikana vizuri na mtu mmoja tu: muganga aliyeshika kisu. Yeye ndiye anajua kama alikata kizazi chini kwa upande, ao alilazimika kukata kwa urefu kwenda juu. Tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa siku mama huyo atakapobeba mimba tena, kwa sababu kizazi kilichokatwa kwa urefu kinaweza kupasuka kwa urahisi zaidi wakati wa uchungu. Inaweza kupita miaka miwili ao mitatu. Muganga yule atakuwa bado yuko?

Mara nyingi hayuko tena. Waganga wanahama kusini mwa Maniema kama wanavyohama kwingine nchini: mmoja anakwenda kusomea utaalamu, mwingine anapata kazi katika shirika, mwingine anachoka na mshahara unaochelewa. Hakuna ubaya kuacha kazi. Ni haki yake. Shida ni kwamba barua ya kuacha kazi inazungumza na hospitali, lakini haisemi neno kwa mgonjwa aliyelala kitanda cha tatu na mpira wa mkojo, wala kwa kijana wa kifafa anayengojea vidonge vya mwezi ujao.

Tueleze kwanza muganga anaacha kitu gani. Kutibu ndani ya hospitali si haki inayokuja na diploma peke yake. Ni lazima muganga awe ameandikishwa kwa Oda ya Waganga, kisha hospitali imkubalie kupokea wagonjwa, kuwalaza na kuwapasua chini ya paa lake. Katika hospitali kubwa za binafsi za Nairobi, muganga anaweza kuwa na haki hiyo bila kuwa mfanyakazi wa hospitali: ana kliniki yake mjini, na hospitali inamruhusu kulaza wagonjwa wake. Akiondoka hospitali moja na kupokelewa na nyingine, wagonjwa wengi wanaweza kumfuata, kwa sababu ni ng'ambo ya barabara tu. Kwetu haki hiyo inakuja kwa kawaida pamoja na barua ya kuteuliwa na serikali ao mkataba na hospitali. Na kwa kawaida zoni ya afya ina hospitali kuu moja tu ya rufaa. Mgonjwa wa Kasongo hawezi kumfuata dokta wake hadi Kindu, safari ya zaidi ya kilomita 200, ili atolewe nyuzi.

Kanuni ya maadili ya waganga, inayofuatwa katika nchi nyingi, iko wazi juu ya jambo hili. Muganga anaweza kuachana na mgonjwa kama si wakati wa hatari ya haraka, lakini asimdhuru kwa kuondoka kwake, na ampe mwenzake habari zote zinazohitajika ili matibabu yaendelee. Sheria ya kazi yenyewe inaangalia jambo lingine: siku za kumjulisha mwajiri. Kwa muganga mwenye mkataba, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inahesabu hivi: mwajiri anayemwachisha mtu kazi anatoa siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayeacha mwenyewe anatoa nusu ya hizo. (Waganga wa serikali wanaongozwa na sheria yao wenyewe.) Muganga aliyefanya kazi miaka minne anapata 14 na 28, jumla 42, nusu yake ni siku 21 za kazi. Hayo ni majuma matatu na nusu hivi. Ni muda wa kutosha kutafuta mtu wa kushika zamu, lakini matibabu ya kifua kikuu yanachukua miezi sita.

Ili tuone jinsi mpango mzuri unavyofanywa, tuchukue muganga wa mfano. Hana jina, na hatumsemi mtu yeyote aliye Kasongo leo. Amefanya kazi miaka minne, anapasua, anaona pia wagonjwa wa nje mara mbili kwa juma. Anataka kuondoka tarehe 30 Septemba. Sheria ingemruhusu kuandika barua yake mwanzoni mwa Septemba. Yeye anaipeleka tarehe 1 Agosti kwa muganga mkurugenzi wa hospitali, na nakala kwa muganga mkuu wa zoni. Anajipa miezi miwili, kwa sababu alianza kwa kuhesabu wagonjwa wake kabla ya kuhesabu siku za sheria.

Kazi ya kwanza aliyoifanya ni kuacha kuanza. Watu wengi wanadhani muganga anayeondoka anapaswa kuharakisha, amalize orodha yote ya upasuaji unaongoja. Ni kinyume. Upasuaji unaweza kumalizika kwa saa mbili, lakini kazi ya muganga haijaisha hapo. Tuchukue mwanamke wa fistula, ugonjwa ambao wengi wameupata kwa kukaa siku nyingi kwenye uchungu mbali na hospitali. Akisha kushonwa, anabaki na mpira wa mkojo siku 10 hadi 14, na katika siku hizo mtu anapaswa kuangalia kila saa kama mkojo unatoka. Mpira ukiziba usiku na asipatikane mtu wa kuuzibua, kibofu kinajaa na mshono unaweza kufunguka. Ukisha kutolewa, anaangaliwa tena kama anakauka. Muganga wetu akahesabu kurudi nyuma: siku 14 za mpira, pamoja na siku kumi za kuangalia na za ajali isiyotarajiwa. Kwa hiyo baada ya tarehe 5 Septemba hakupasua tena fistula hata moja. Wanawake wawili waliokuwa wanangoja aliwaambia mapema, na majina yao akayaacha kwa mkurugenzi ili waitwe mtaalamu mwingine atakapopatikana. Walihuzunika bila shaka. Lakini fistula iliyoshonwa na kufunguka ni ngumu zaidi kushona mara ya pili, na kungoja hakuleti madhara hayo.

Upasuaji wa haraka ulibaki palepale. Mwanamke anayefika usiku na mtoto aliyekwama anapasuliwa hata tarehe 29 Septemba. Tofauti ni kwamba kuanzia katikati ya mwezi, kila mgonjwa wa haraka aliandikwa tangu mwanzo kwa majina mawili: aliyempasua na atakayemfuata.

Kisha ikaja orodha. Muganga wa mfano alichukua rejista ya upasuaji, rejista ya wagonjwa wa nje na kaye yake mwenyewe, akaandika kila mgonjwa ambaye matibabu yake hayajaisha. Hapo kuna kosa linaloonekana mara nyingi: orodha inapangwa kwa ugonjwa, ao kwa herufi za majina. Yeye aliipanga kwa swali moja: huyu anaweza kukaa siku ngapi bila kuonwa kabla hajaumia?

Juu kabisa walikuja wale wa siku moja: waliolala wodini na wa sukari wanaojidunga insulini. Baada yao wale wa siku chache, kama waliotoka hospitali na nyuzi bado mwilini. Kisha watu wa kifafa. Hawa wanasahauliwa kwa urahisi kwa sababu wanatembea, wanalima, hawaonekani wagonjwa. Lakini mtu anayemeza fenobabitali kila siku akiikata ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mshtuko mmoja ukifuata mwingine bila kupumzika, na hiyo inaua. Kwa mtu huyo tarehe ya hatari ni siku vidonge vyake vinapokwisha, na tarehe hiyo inaweza kuhesabiwa kabisa: vidonge vilivyobaki, gawanya kwa anavyomeza kwa siku.

Mgonjwa wa kifua kikuu alikuja chini zaidi kwenye orodha, jambo linaloshangaza wengi. Si kwamba ugonjwa wake ni mdogo. Ni kwamba matibabu yake hayakutegemea muganga tangu mwanzo. Ana karatasi ya programu ya taifa, ana mwuguzi anayempa dawa, na ratiba inajulikana: miezi miwili ya dawa nne, miezi minne ya dawa mbili, na makohozi yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Muganga akiondoka katikati, hakuna kinachobadilika. Ukitaka kujua namna ya kuwalinda wagonjwa wote wengine, angalia huyo wa kifua kikuu amelindwa na kitu gani.

Na hapa Kasongo ina historia yake, ambayo vijana wengi hawaijui. Katika miaka ya 1970, waganga na wauguzi wa hapa pamoja na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu kupanga matibabu ya eneo zima kwa njia mpya. Mradi wa Kasongo ukajulikana mbali, na Zaire ilipogawanywa kuwa zoni za afya 306 katika miaka ya 1980, mambo mengi ya Kasongo yalikuwa ndani ya mpango huo. Wazo lao lilikuwa kwamba mgonjwa ni wa kituo cha afya, na hospitali ni mahali pa kupita. Kila jamaa ilikuwa na faili yake kituoni. Mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu alikuwa na fishi yake, na fishi hiyo ilikaa katika sanduku lenye vyumba vidogo vya tarehe, ambalo wauguzi wetu wanaliita eshansiye mpaka leo.

Sanduku hilo linafanya kazi hivi. Mgonjwa akionwa leo na kuambiwa arudi juma la pili la Oktoba, fishi yake inawekwa katika chumba cha juma hilo. Juma likifika, mwuguzi anatoa fishi zote za chumba hicho. Kila anayekuja, fishi yake inahamia tarehe inayofuata. Jioni ya siku ya mwisho, fishi zilizobaki ni za watu ambao hawakuja. Hakuna haja ya kompyuta ao ya kukumbuka sura. Mwuguzi anamtuma mhudumu wa jamii, reko wa kijiji kile, aulize: umehama, umepona, ao umekosa pesa ya safari? Muganga anaweza kubadilika mara tatu kwa mwaka na sanduku likaendelea kuuliza swali lilelile.

Kwa muganga wetu wa mfano, mwezi wa Agosti ulikuwa wa kuhamisha wagonjwa kutoka kichwa chake kwenda katika sanduku. Watu wa kifafa na wa presha walirudishwa kwa kituo cha afya cha karibu na nyumbani kwao, kila mmoja na fishi inayoeleza dawa, kiasi, na dalili zinazodai arudi hospitali haraka. Kiasi kiliandikwa kwa miligramu, si «vidonge viwili», kwa sababu kituo kinaweza kupokea vidonge vya nguvu tofauti.

Kwa wale wa Kabambare, kuchagua kituo kulihitaji fikira zaidi. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 za njia mbaya, na mvua zinarudi ndani ya Septemba. Mtaa wa Kabambare una zoni zake za afya: Kabambare, Lusangi na Saramabila. Ni afadhali mgonjwa apokelewe na hospitali iliyo karibu naye, hata kama ina vifaa vichache, kuliko kuandikiwa tarehe Kasongo ambayo hataiweza. Usalama nao unahesabiwa. Upande wa Saramabila, ambako kuna dhahabu ya Namoya, vikundi vyenye silaha vimewakimbiza watu mara nyingi. Mtu aliyekimbia hafuati tarehe ya fishi. Kwa hiyo mgonjwa wa huko alipewa nakala ya karatasi yake mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki, ili mwuguzi yeyote wa mahali atakapokimbilia ajue pa kuanzia.

Karatasi hiyo ya mkononi ndiyo inayotuleta tena kwa kovu la kizazi. Mara nyingi mama aliyepasuliwa anatoka na karatasi iliyoandikwa neno moja tu: sezariene. Haitoshi. Muganga wetu alikaa jioni kadhaa na rejista ya upasuaji, akaandika kwa kila mama aliyempasua na ambaye bado angeweza kupatikana: alipasuliwa tarehe gani, kwa sababu gani, kizazi kilikatwa namna gani, kulikuwa na homa ao damu nyingi baadaye ao hapana, na azalie wapi mimba ijayo. Sababu ina uzito. Kama mtoto alikaa vibaya tu, mimba ijayo inaweza kwenda vizuri chini ya uangalizi wa hospitali. Kama nyonga ni nyembamba, shida itarudi. Na kama kizazi kilikatwa kwa urefu, mama huyo asingoje uchungu kijijini hata kidogo. Apelekwe karibu na hospitali kabla ya mwezi wa tisa kuanza. Na aliyeshonwa fistula karatasi yake inasema asikutane na mume kwa miezi mitatu, na mtoto mwingine azaliwe kwa upasuaji. Maneno hayo yanasomwa kwa sauti mbele yake, kwa Kiswahili, kwa sababu karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa ndani ya kitenge haimsaidii asiyeisoma.

Kuhusu waliolala wodini, karatasi haitoshi. Siku tatu za mwisho, muganga anayeondoka na anayepokea wanapita pamoja kitanda kwa kitanda. Mgonjwa anaambiwa: kuanzia kesho dokta wako ni huyu. Anayepokea anaangalia kidonda mwenyewe, kwa sababu kidonda anachokiona leo ndicho atakachokilinganisha kesho. Na anaweza kukataa. Kama hajawahi kushughulikia fistula, aseme hapo hapo, ili mgonjwa apelekwe kwa mwingine wakati bado kuna muda. Mtu anayekubali orodha yote bila kuuliza swali anapaswa kuleta wasiwasi.

Pesa ni sehemu ambayo watu hawapendi kuizungumza. Wagonjwa wengine wanalipa kidogo kidogo kwa upasuaji ujao, na mara nyingine wanampa muganga mkononi. Muganga akiondoka, hospitali inasema haikupokea kitu. Njia safi ni moja: kila franka inapita kwenye kasha ya hospitali na risiti inatoka. Ambaye hajapasuliwa, risiti yake inabaki halali kwa muganga atakayekuja, ao anarudishiwa. Ni vilevile kwa dawa. Kama muganga alikuwa anapata insulini kwa rafiki yake wa Bukavu ao Goma, njia hiyo inaondoka naye. Farmasia ya hospitali ijulishwe miezi miwili mbele, na mgonjwa aambiwe ukweli.

Simu nayo ina hatari yake. Wagonjwa wana namba ya dokta, na watapiga mwezi wa Novemba. Akijibu kwa upole na kubadilisha dawa kwa WhatsApp, anamtibu mtu asiyemwona, na muganga mpya hajui. Wa mfano wetu aliamua jibu moja: atawasikiliza, atawaambia waende kwa mpokeaji, kisha yeye mwenyewe atampigia mpokeaji. Tangazo la redio ya jamii pia linafaa, kwa sababu linafika mahali ambako barua haifiki. Lakini linasema tu kwamba muganga anaondoka tarehe fulani na kila mwenye randevu aje na karatasi zake kabla ya siku hiyo. Kutaja majina ao magonjwa ni kumvunjia mtu siri yake. Mwanamke wa fistula aliyekimbiwa na mumewe hahitaji kusikia jina lake katika redio.

Je, mpango huu unaweza kushindwa? Ndiyo, na mahali pa kwanza pa kushindwa ni pale ambapo hakuna mpokeaji. Kama hospitali ina muganga mmoja tu anayejua kupasua, orodha nzuri kuliko zote haitampata mwingine. Hapo kazi ya barua ya mapema ni kuipa ofisi ya jimbo huko Kindu nafasi ya kutuma mtu, na kazi ya orodha ni kuonyesha kwa hesabu watakaoumia asipotumwa. Kuna pia muganga asiyeweza kungoja miezi miwili: anaumwa, ao ametishwa. Huyo hana deni la sanduku zima. Jioni moja inatosha kuandika wale wa siku moja na wale wa kifafa, na kumpigia mtu simu.

Anayetaka kujua kama muganga wa mfano alifanya kazi yake asiangalie sherehe ya kumuaga. Aende katika vituo vya afya juma la pili la Oktoba, jioni, mwuguzi anapofunga sanduku la tarehe, na aulize zimebaki fishi ngapi katika chumba cha juma hilo, na reko wa kijiji gani ameshatumwa.